Kibodi Ilipangwa kwa Kiingereza, Sisi Tunaandika Kiswahili

Taipu neno "nyumba" kwenye kompyuta kwa kanuni ya vidole kumi, uone kazi inavyogawanywa. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinashuka kubonyeza N, kinapanda hadi Y, kinasogea kwenye U, kisha kinashuka tena hadi M. Herufi nne mfululizo ni zake peke yake, na vidole vingine saba vinavyoandika herufi havina la kufanya. B na A ndizo zinazoangukia mkono wa kushoto. Neno "muhimu" ni zaidi ya hapo: kati ya herufi zake sita, tano ni za kidole hicho hicho.

Anayetaipu mara mojamoja hawezi kuliona hili. Lakini katibu muhtasi, mwandishi wa habari, mfasiri au karani wa mahakama anayeandika kutwa nzima huanza kujiuliza kama herufi haziwezi kupangwa vizuri zaidi. Akiuliza, atasikia majina mawili: Dvorak na Colemak. Ataambiwa kwamba mpangilio tuliouzoea, QWERTY, ni wa kizamani, na kwamba akijifunza upya ataandika haraka na kwa raha. Karibu hoja zote za namna hiyo zimepimwa kwa maandishi ya Kiingereza. Anayeandika Kiswahili ana haki ya kuuliza hesabu hiyo inakuwaje kwa lugha yake, kabla hajatoa miezi ya mazoezi.

QWERTY ilitoka wapi

Mpangilio huu unaitwa kwa herufi sita za kwanza za safu ya juu. Aliyeuanzisha ni Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambaye pamoja na wenzake alipata hataza ya mashine ya kutaipu mwaka 1868. Mwaka 1873 kampuni ya Remington ilichukua kazi ya kuitengeneza, na mashine ikaingia sokoni mwaka 1874.

Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba Sholes alizitawanya herufi makusudi ili kuwapunguza kasi waandishi, kwa sababu vile vyuma vilivyobeba herufi vilikuwa vikigongana na kukwama. Hadithi hii ina kasoro. E na R zinafuatana mara nyingi mno katika Kiingereza, na bado QWERTY imeziweka bega kwa bega. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kijapani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, walitoa maelezo mengine: mpangilio ulibadilishwa kidogokidogo kwa kufuata mahitaji ya watu wa simu za maandishi, waliokuwa wakipokea ishara za Morse na kuzigeuza kuwa herufi.

Jambo lisilo na ubishi ni kwamba QWERTY ilikuwepo kabla ya mtindo wa kutaipu kwa vidole vyote bila kutazama kibodi kuenea. Mtindo huo ulipata sifa mwaka 1888, pale Frank McGurrin aliposhinda shindano la kutaipu mjini Cincinnati akitumia mashine ya Remington. Kwa hiyo QWERTY haikupangwa kwa kufikiria uzito ambao kila kidole kingeubeba. Dvorak na Colemak zilianzia kwenye wazo hilo.

Walichobadilisha Dvorak na Coleman

August Dvorak alikuwa mwalimu wa saikolojia ya elimu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Yeye na shemeji yake, William Dealey, walipata hataza ya mpangilio wao mwaka 1936. Msingi wao ulikuwa safu ya kati, ile ambayo vidole hupumzika juu yake. Upande wa kushoto wa safu hiyo waliweka irabu zote tano, A O E U I, na upande wa kulia konsonanti zinazotumika sana katika Kiingereza, D H T N S. Mikono miwili ingepokezana: mmoja ukibonyeza, mwingine unajiandaa. Kwa maandishi ya Kiingereza, QWERTY huiachia safu ya kati takriban asilimia 32 ya kazi, na Dvorak huipa takriban asilimia 70.

Shida ya Dvorak ni kwamba inahamisha karibu kila kitu. Kati ya herufi 26, ni A na M tu zinazobaki mahali pake. Shai Coleman, aliyetoa Colemak mwaka 2006, alitaka kupata sehemu kubwa ya nafuu hiyo bila kubomoa nyumba nzima. Alihamisha vitufe 17 tu. Safu yake ya kati inasomeka A R S T D H N E I O. Vitufe vya Z, X, C na V alivigusa kidogo? La, aliviacha kabisa, ili amri za kutendua, kukata, kunakili na kubandika zibaki pale mkono ulipozoea.

Tuhesabu kwa Kiswahili

Chukua sentensi ya kawaida: "Wakulima wanapeleka mahindi sokoni kesho asubuhi." Ina herufi 43. Kwenye QWERTY, herufi 20 kati ya hizo ziko safu ya kati. Kwenye Colemak ni 28, na kwenye Dvorak ni 31.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mipangilio mipya inashinda kweli. Mzigo wa QWERTY unaonekana wazi: irabu I, U, O na E zote ziko safu ya juu, na katika sentensi hii peke yake zinatokea mara 14. Pili, mwandishi wa Kiswahili anaanzia mahali pazuri kuliko mwandishi wa Kiingereza. Herufi 20 kati ya 43 ni karibu nusu, ilhali Kiingereza hupata kama theluthi moja. Sababu kubwa ni A. Kiswahili hutumia A kuliko herufi nyingine yoyote, na QWERTY imeiweka safu ya kati, chini ya kidole kidogo cha kushoto. Dvorak na Colemak zimeiacha papo hapo. Kwa herufi tunayoibonyeza kupita zote, kubadili mpangilio hakubadilishi chochote. K na L, ambazo sisi tunazitumia sana, nazo ziko safu ya kati kwenye QWERTY, na mipangilio yote miwili mipya imezitoa hapo.

Ndiyo maana sentensi yenye A nyingi inaweza kugeuza matokeo. Jaribu methali "Haraka haraka haina baraka", yenye herufi 23. QWERTY inapata 17 safu ya kati, Dvorak 16, Colemak 19. Hapa Dvorak imeshindwa na mpangilio iliokusudia kuuondoa.

Safu ya kati haitoshi kuamua, kwa sababu kinachochosha zaidi ni kidole kimoja kulazimika kuruka kutoka herufi moja hadi nyingine bila kupokewa na mwenzake. Kila mpangilio una maneno yake ya kuutesa mkono.

Dvorak ingetarajiwa kulifaa sana Kiswahili, kwa kuwa silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Na kweli, maneno kama "hesabu" na "bahati" yanatoka kwa mikono kupokezana herufi kwa herufi, kulia na kushoto, mwanzo hadi mwisho. Lakini K ni adimu katika Kiingereza, hivyo Dvorak aliisukuma safu ya chini upande wa kushoto, ambako inabonyezwa na kidole cha shahada. Kidole hicho hicho ndicho kinachomiliki U na I, pamoja na P na Y. Sasa fikiria ni mara ngapi sisi huandika "ku" na "ki". Karibu kila kitenzi kikitajwa kwa jina lake huanza na "ku", na ngeli nzima ya nomino huanza na "ki". Katika "kupiga", herufi nne za kwanza ni za kidole kimoja. Katika "kupika" ni tano. Neno "Kikuyu" linaandikwa lote, herufi zote sita, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mwandishi wa Kiingereza anayetumia Dvorak hukutana na adha hii mara chache zaidi; wa Kiswahili ataikuta katika sentensi ya kwanza.

Colemak inaondoa taabu ya "nyumba": hakuna herufi mbili zinazofuatana ndani yake zinazobonyezwa na kidole kimoja. "Ki" na "ku" nazo zinapita kwa vidole viwili tofauti. Udhaifu wake uko kwenye M inayofuatwa na konsonanti. M, K, L, N, H na J zote zimewekwa chini ya kidole cha shahada cha kulia, kwa hiyo mwanzo wa "mke", "mlango", "mjomba", "mnazi" na "mhandisi" ni wa kidole kimoja kuruka. QWERTY inapita "mk" na "ml" bila shida, ila inajikwaa kwenye "ki", kwa kuwa K na I ni za kidole cha kati hicho hicho.

Nikizipima zote tatu kwa Kiswahili, naiweka Colemak mbele. Dvorak, pamoja na ushindi wake kwenye safu ya kati, siwezi kumshauri mtu anayeandika "ku" na "ki" kutwa aichukue. Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaotumia kibodi za Kifaransa za AZERTY, hali ni tofauti kidogo. Kwenye kibodi hiyo A iko safu ya juu, mahali pa Q. Huyo anayo sababu nzito zaidi ya kubadili, lakini hata kuhamia QWERTY tu kungeirudisha A safu ya kati.

Gharama ya kujifunza upya

Ushahidi wa zamani unaotajwa sana kuitetea Dvorak ni ripoti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ya mwaka 1944, iliyoonyesha kwamba waliofundishwa upya walipata maendeleo makubwa. Mwaka 1990 wanauchumi Stan Liebowitz na Stephen Margolis waliichambua ripoti hiyo na kuonyesha kwamba makundi yaliyolinganishwa hayakupimwa kwa njia moja. Dvorak mwenyewe alikuwa afisa wa jeshi hilo wakati huo.

Jaribio lililosimamiwa vizuri zaidi lilifanywa mwaka 1956 na Earle Strong kwa ajili ya serikali ya Marekani. Wataipu kumi waliokuwa wakitumia QWERTY walifundishwa Dvorak kwa saa nne kila siku. Iliwachukua zaidi ya siku 25 kurudi kwenye kasi yao ya zamani tu. Baada ya hapo waliendelea na mazoezi sambamba na kundi jingine la wataipu kumi waliobaki na QWERTY lakini nao wakapewa mazoezi. Waliobaki na QWERTY waliongeza kasi zaidi. Hilo ndilo fundisho ninalotaka msomaji aondoke nalo: sehemu kubwa ya faida inayohesabiwa kuwa ya mpangilio mpya ni faida ya mazoezi, na mazoezi hayo yanapatikana kwenye kibodi uliyo nayo.

Siku 25 za saa nne ni saa 100. Tuseme mwandishi mmoja anabonyeza vitufe kwa saa moja kamili kwa siku, tukiondoa muda wa kufikiri, kusoma na kupiga simu. Tuseme pia kwamba mpangilio mpya utampa kasi zaidi kwa asilimia tano. Ataokoa dakika tatu hivi kwa siku. Saa 100 ni dakika 6,000, kwa hiyo atahitaji siku 2,000 za kazi kurudisha alichotumia, yaani karibu miaka minane. Kasi ikiongezeka kwa asilimia kumi, ni miaka minne. Anayebonyeza vitufe kwa saa nne kwa siku, kama anayenukuu rekodi za vikao, atarudisha muda wake ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hesabu inambeba yeye, haimbebi mtu wa barua pepe chache.

Unapojipima, kumbuka kwamba majaribio ya kasi huhesabu kila mibonyezo mitano, pamoja na nafasi, kuwa neno moja. "Wanapeleka" peke yake ina herufi kumi, hivyo inahesabiwa kama maneno mawili. Usilinganishe idadi ya maneno halisi ya Kiswahili na kasi anayotangaza mtu wa Kiingereza, linganisha mibonyezo.

Yanayoharibika njiani

Siku za mwanzo kasi huporomoka hadi maneno machache kwa dakika, na ripoti ya kazini haisubiri. Wengi wanakata tamaa hapo, au wanarukaruka: asubuhi Dvorak, mchana QWERTY, mpaka vidole vinachanganya yote mawili. Dalili ya mchanganyiko huo ni rahisi kuijua. Makosa hayatawanyiki, bali yanarudi kwenye herufi zile zile, na kila kosa ni herufi ambayo ingekuwa sahihi kwenye mpangilio mwingine.

Kizuizi cha pili ni nenosiri. Mara nyingi ukurasa wa kuingilia kwenye kompyuta hutumia mpangilio tofauti na ule uliouchagua ndani, na nenosiri lililo sahihi linakataliwa. Kabla ya kulibadilisha, angalia alama ya lugha ya kibodi kwenye pembe ya skrini.

Cha tatu ni kwamba kompyuta nyingi za kwetu hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ofisini, kwenye duka la intaneti au maabara ya shule, utakayemwachia kiti atakuta herufi zisizolingana na zilizochapwa kwenye vitufe. Mwenye kutegemea mpangilio wa peke yake anapaswa kuwa na kompyuta ya peke yake, na ajitahidi kuandika QWERTY mara kwa mara ili isimtoke. Simu haina haja ya kuguswa. Faida zote tulizozihesabu zinategemea vidole kumi, na simu tunaiandika kwa vidole gumba.

Kuhusu maumivu ya viganja, wapo wanaosema walipata nafuu baada ya kubadili, na siwakatalii. Ila hakuna ushahidi thabiti kwamba mpangilio peke yake unaponya. Urefu wa meza, mkao wa kiganja na mapumziko vinapaswa kurekebishwa kwanza, na maumivu yanayoendelea ni ya kupelekwa kwa daktari.

Nani abadili, na kwa njia gani

Kama bado unatazama vitufe unapoandika, usiguse mpangilio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, walipowapima wataipu mwaka 2016, waligundua kwamba baadhi ya waliojifunza wenyewe walikuwa na kasi sawa na waliofundishwa vidole kumi. Kilichowatofautisha wenye kasi ni kubonyeza kila herufi kwa kidole kile kile kila wakati, na kutoihamisha mikono ovyo. Uchunguzi wao wa mwaka 2018, uliohusisha watu 168,000, ulionyesha pia kwamba wenye kasi hubonyeza herufi inayofuata kabla hawajaiachia iliyotangulia. Tabia zote hizo unazijenga kwenye QWERTY.

Kama tayari unaandika bila kutazama, unafanya kazi hiyo saa nyingi kila siku, kompyuta ni yako, na unachotafuta ni mikono kusafiri kidogo kuliko kasi, basi Colemak inastahili kujaribiwa. Njia isiyovuruga kazi ni ile ya hatua inayoitwa Tarmak, ambayo huhamisha herufi chache kwa wakati. Hatua ya kwanza ina herufi nne tu: E inakwenda mahali pa K, K mahali pa N, N mahali pa J, na J inakaa kwa muda mahali pa E. Hatua hiyo peke yake inaleta E na N safu ya kati. Kaa nayo mpaka makosa kwenye herufi hizo nne yaishe, ndipo usogee kwenye inayofuata. Hatua zote ni tano.

Fanyia mazoezi maandishi ya Kiswahili, kwa sababu programu nyingi za mazoezi hutoa maneno ya Kiingereza na zitakuacha bila mazoea ya "mw", "ny", "ng" na "nj". Chukua makala uliyoiandika mwenyewe, uitaipu upya, na uyaandike pembeni maneno yanayokukwaza. Ukimaliza hatua ya kwanza na mikono yako haijaona tofauti yoyote, rudi QWERTY. Umepoteza wiki chache tu, na herufi nne ni rahisi kuzirudisha.